Menyu ya nyota au programu ya benki: uchague kwa kumtazama mwizi wako

Mwenye kiswaswadu na akaunti ya benki anapiga *150*66# kama yuko NMB, *150*03# kama yuko CRDB. Kwa majirani zetu Kenya, wa Equity anapiga *247# na wa KCB anapiga *522#. Mwenye simu janja anagusa kioo, anaweka kidole, salio linaonekana. Wote wawili wanafika kwenye akaunti ileile, ndiyo maana wengi hudhani kinachowatofautisha ni bei ya simu na bando tu. Kwa upande wa usalama, kinachowatofautisha ni mwizi. Anayemwibia mwenye kiswaswadu huwa ni mtu aliye karibu naye, au aliyeshika laini yake. Anayemwibia mwenye simu janja anaweza kuwa mbali kabisa, hajawahi kumwona, ila amepata mlango wa kuingilia ndani ya simu yenyewe.

Kwa hiyo kabla hujauliza ipi ni salama zaidi, jiulize hela zako zinaweza kuchukuliwa na nani. Nitatumia zaidi mifano ya Tanzania, na Kenya nitaigusa pale mambo yanapotofautiana.

Unapobonyeza nyota

Ukipiga msimbo wa nyota na reli, simu yako haiingii kwenye intaneti. Inafungua mazungumzo mafupi na mtambo wa kampuni ya simu, na mtambo huo ndio unaozungumza na benki. Ndiyo sababu huhitaji bando, na huduma inafanya kazi hata mnara unaotoa 2G peke yake. Kila ukurasa wa menyu una nafasi ya herufi 182 tu. Ndani ya nafasi hiyo benki inatakiwa ikuoneshe kiasi, jina la anayepokea na ombi la namba ya siri, kwa hiyo onyo lolote la maana halipati pa kukaa.

Benki inakutambuaje? Kwa namba ya laini. Mtambo wa simu unaiambia benki kwamba ombi hili limetoka kwa namba fulani, na benki inaamini. Haijui ni simu gani uliyoishika, wala haijui kama jana laini ilikuwa kwenye simu nyingine. Kinachobaki ni namba ya siri, ambayo kwa kawaida ni tarakimu nne. Hesabu yake ni michanganyiko 10,000, na ukikosea mara tatu huduma hufungwa. Kwa mtu asiyekujua hiyo ni kinga ya kutosha. Kwa mtu anayekujua, na anajua Watanzania tunavyopenda kuweka mwaka wa kuzaliwa, michanganyiko inashuka hadi sitini hivi. Akiwa na kitambulisho chako mkononi inashuka hadi mmoja.

Kuna jambo ambalo wengi hawalitazami kwa sababu wamelizoea. Kwenye menyu ya nyota, simu nyingi zinaonesha namba ya siri wazi wazi unapoiandika. Hakuna vinyota vya kuificha. Aliyekaa nyuma yako kwenye daladala anaisoma, wakala anayekusaidia "kuhakiki" anaisoma, na kijana aliyeegemea dirisha la kibanda anaisoma pia. Ile menyu ya M-Pesa iliyomo ndani ya laini, waliyoizoea Wakenya tangu 2007, huficha tarakimu, lakini ukipiga *334# unarudi kwenye mtindo uleule wa wazi. Wapo pia mabingwa wa njia za mkato wanaopiga msururu mzima kwa mkupuo mmoja, namba ya siri ikiwemo. Hao wanaiacha ndani ya orodha ya namba zilizopigwa, na mtu akibonyeza kitufe cha kijani mara moja tu anaikuta.

Wataalamu wana malalamiko mengine juu ya njia hii. Mazungumzo hayo husimbwa kati ya simu na mnara tu, na kile kisimbo cha zamani cha 2G kilishaoneshwa hadharani mwaka 2009 kwamba kinavunjika. Baada ya mnara, ujumbe unapita ndani ya mitambo ya kampuni ya simu bila kufunikwa kwa ajili ya benki peke yake. Hilo ni kweli na benki wanalijua. Lakini kwa muuza nyanya wa Ilula, mtu wa kuja na mitambo ya kunasa mawimbi ya redio ni wa mwisho kabisa kwenye orodha. Wa kwanza ni mpwa wake anayemsomea meseji.

Programu inavyofanya tofauti

Programu ya benki husimba mazungumzo kuanzia ndani ya simu yako hadi kwenye mtambo wa benki, na kampuni ya simu iliyo katikati haioni kitu. Pia hufungwa kwenye simu moja. Siku ya kujisajili unaingiza namba ya akaunti au ya kadi, benki inakutumia namba ya uthibitisho kwa meseji, na kuanzia hapo simu hiyo ndiyo inayotambulika. Mtu akiijua namba yako ya siri lakini akawa na simu yake mwenyewe, hafiki mbali. Ukilinganisha na menyu ya nyota hapo kuna hatua kubwa: benki sasa inatazama laini, kifaa, na namba ya siri au kidole chako.

Sasa tuone inakovuja. Programu iko salama kadiri simu iliyoibeba ilivyo salama, na simu zetu nyingi ni za bei nafuu ambazo mtengenezaji aliacha kuzitumia masasisho muda mrefu uliopita. Fungua mipangilio, ingia sehemu inayoeleza habari za simu, tafuta mstari ulioandikwa `Android security update` au unaofanana na huo, usome tarehe yake. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, basi mianya mingi iliyogunduliwa tangu siku hiyo bado iko wazi kwenye simu yako.

Hata simu mpya inaweza kufunguliwa na mwenyewe. Mtu anatumiwa faili la `.apk` kwenye WhatsApp, anaambiwa ni programu ya mikopo ya haraka au toleo jipya la programu ya benki. Simu inamwonya, yeye anaruhusu. Faili linaomba kusoma meseji, anaruhusu. Linaomba ile ruhusa iitwayo `Accessibility`, iliyowekwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu wa kuona au wa viungo, anaruhusu tena. Kuanzia hapo programu hiyo inaweza kusoma kilicho kwenye kioo, kubonyeza vitufe yenyewe, na kunasa namba ya uthibitisho kabla mwenye simu hajaiona. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazofanya kazi bila kibali. Sisemi zote zilikuwa za wizi wa akaunti, ila anayepakia programu ya mkopo asiyemjua mwenyewe na kuiruhusu isome meseji, amempa mgeni nakala ya kila ujumbe anaotumiwa na benki.

Hapa pana kosa la kufikiri ninalolisikia mara kwa mara: "Mimi simu yangu ni janja lakini siamini programu, natumia nyota tu." Ile ruhusa ya `Accessibility` inasoma pia kile kidirisha cha menyu ya nyota, namba ya siri ikiwa imeandikwa humo waziwazi. Usalama unaousifia kwenye nyota ni wa kiswaswadu, kwa sababu kiswaswadu hakipakii programu za mtaani. Ukiipiga nyota kwenye simu janja iliyoambukizwa, umechukua udhaifu wa pande zote mbili.

Simu imekwapuliwa saa moja usiku

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mama anauza vitenge Kariakoo, ana shilingi 1,850,000 benki, za kununulia mzigo Jumatatu. Ijumaa jioni, kituoni, mkoba unakwapuliwa. Ndani ya mkoba mna simu, kadi ya benki na kitambulisho cha NIDA.

Kama simu ni kiswaswadu, mwizi hahitaji kujua loki ya simu. Anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake. Meseji zilizohifadhiwa kwenye simu ya mama zinamwambia ni benki gani na salio lilikuwa kiasi gani mara ya mwisho. Anapiga msimbo, anaulizwa namba ya siri. Anajaribu mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye kitambulisho, anajaribu 1234, na jaribio la tatu anafikiria. Ikishindikana, anaweza kupiga huduma kwa wateja akajifanya mwenye laini na kuomba abadilishiwe namba ya siri, maana namba ya NIDA na tarehe ya kuzaliwa anazo mkononi. Akifeli huko pia, anabaki na laini inayopokea simu, na ataitumia kuwaomba hela ndugu wa mama kwa jina lake.

Kama simu ni janja, mambo yanategemea ilikuwa katika hali gani. Ikiwa imefungwa, programu ya benki haifikiki, na mwizi wa kituoni mara nyingi anaitaka simu yenyewe aiuze. Lakini tazama: laini ya mama imo ndani ya simu hiyohiyo, na benki yake ilimwandikisha huduma ya nyota kabla hajawa na programu. Huduma ile haikufungwa siku alipopakia programu. Mwizi anachomoa laini, anaiweka kwenye kiswaswadu, anapiga nyota, na tumerudi palepale tulipotoka kwenye aya iliyotangulia. Wengi waliohamia kwenye programu wana milango miwili na wanalinda mmoja.

Ikiwa simu ilikwapuliwa ikiwa wazi, akiwa anaongea au anaperuzi, hali ni mbaya zaidi. Programu itaomba namba ya siri, sawa, lakini mwizi anabonyeza sehemu ya "umesahau namba ya siri". Benki nyingine hapo huomba namba ya kadi na namba ya uthibitisho inayotumwa kwa meseji. Kadi imo mkobani. Meseji inaingia kwenye simu aliyoishika. Na hata kama kadi ingebaki nyumbani, wapo wanaopiga picha kadi zao mbele na nyuma na kuziacha kwenye galari, "ili nisisahau".

Sasa kitu kidogo ambacho kingebadilisha hadithi kila laini inapochomolewa, kwa simu zote mbili: loki ya laini. Si loki ya simu. Hii ni PIN inayokaa kwenye laini yenyewe, na laini ikihamishiwa simu nyingine au simu ikizimwa na kuwashwa, inaiuliza kabla haijashika mtandao. Ikikosewa mara tatu inataka PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, na PUK ikikosewa mara kumi laini inakufa kabisa. Mwizi anayechomoa laini ya namna hiyo anabaki na kipande cha plastiki. Kwenye kiswaswadu utaikuta ndani ya mipangilio ya usalama kwa jina kama `PIN code request`, na kwenye simu janja huitwa `SIM card lock`. Laini huja na PIN ya kiwandani, mara nyingi 0000 au 1234, na hiyo lazima uibadilishe. Ukishaiwasha, msimbo huu hubadilisha PIN kwenye simu karibu zote:

```
**04*PIN ya zamani*PIN mpya*PIN mpya#
```

Usibahatishe PIN ya kiwandani zaidi ya mara mbili. Tazama kile kikadi kikubwa laini ilikotolewa, PUK huandikwa pale, au waulize kampuni ya simu kwanza. Kwa maoni yangu dakika hizo chache zina faida kuliko ushauri mwingine wote ulioko kwenye mabango ya benki, na sijui kwa nini mabango hayo hayaisemi.

Tukirudi kwa mama wa vitenge, akiwa amepotelewa anatakiwa apige simu mbili, na mpangilio wake una maana. Kwanza kampuni ya simu, namba 100, kwa simu ya mtu aliye mtandao huohuo, aifunge laini. Hilo linaua nyota, meseji za uthibitisho na ombaomba kwa ndugu, vyote kwa pamoja. Pili benki, wafunge huduma ya simu na kadi. Akianza na benki akakaa kwenye foleni ya kusikiliza muziki dakika ishirini, laini itakuwa inafanya kazi muda wote huo. Namba ya benki nayo iandikwe mahali pengine tofauti na simu: kwenye ukuta wa duka, au kwenye simu ya mume.

Laini ikihamishwa bila wewe kuibiwa simu

Kuna wizi ambao simu inabaki mfukoni mwako. Mtu anaenda kwa wakala wa laini, anafanikiwa kupewa laini mpya yenye namba yako, na yako inakufa. Tanzania, tangu usajili wa alama za vidole ulipokamilishwa kwa lazima Januari 2020, laini hairudishwi bila kidole kinacholingana na NIDA, na hilo limepunguza ujanja wa kwenda na barua ya polisi ya kughushi. Limeacha ujanja wa "kidole hakijasoma, weka tena". Unakwenda kusajili laini moja, unaweka kidole mara tatu, na vingine vinasajili laini usizozijua. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kenya, mwenye laini ya Safaricom anaweza kupiga *100*100# kuzuia laini yake isibadilishwe na wakala wa mtaani.

Dalili ni simu kukosa mtandao ghafla huku jirani mwenye mtandao huohuo anaongea vizuri. Usingoje ikae sawa. Kwa mtumiaji wa nyota, aliyeichukua laini anahitaji namba ya siri tu. Kwa mtumiaji wa programu, anahitaji kujisajili upya kwenye simu yake, na hapo ndipo benki zinapotofautiana: nyingine zinaridhika na namba ya akaunti pamoja na namba ya uthibitisho, nyingine zinataka kadi na PIN ya mashine ya kutolea hela, nyingine picha ya uso. Namba ya akaunti si siri, umeshaiandika kwenye ankara na kuwatumia wateja.

Swali la kuuliza tawini ni moja na ni rahisi: "Nikibadilisha laini leo, huduma yangu ya simu itafanya kazi hapohapo, au itafungwa mpaka nihakikiwe?" Zipo benki zenye mitambo inayogundua kwamba laini nyuma ya namba yako ni mpya na kusimamisha huduma. Ukiwahi kurudisha laini wewe mwenyewe na menyu ikafunguka papo hapo bila kuulizwa chochote, jibu unalo tayari.

Mtandao ukikata baada ya namba ya siri

Hapa programu inashinda, na ni jambo la kila siku kuliko wizi. Unatuma 350,000 kwa nyota, umeweka namba ya siri, kisha kidirisha kinaondoka au kinaandika kwamba kuna tatizo la mtandao. Hela imetoka? Kilichokatika huenda ni jibu la kurudi kwako tu, na ombi lenyewe lilishafika benki. Wanaorudia hapohapo ndio wanaojikuta wamelipa mara mbili, kisha wanaanza kumbembeleza aliyepokea. Kwenye nyota, tulia, ingia tena kwenye menyu na uombe salio au taarifa fupi ya akaunti kabla ya kufanya lolote. Meseji inaweza kuchelewa, usiitegemee peke yake. Kwenye programu unafungua orodha ya miamala na unaona kama upo, umekamilika au unasubiri. Unaona pia jina kamili la anayepokea, ambalo kwenye nyota wakati mwingine hukatwa katikati.

Na jina lile lisome. Nyota na programu zote hukuonesha jina kabla ya namba ya siri, na hiyo ndiyo kinga pekee dhidi ya "ile hela tuma kwenye namba hii", meseji ambayo haijali una simu ya aina gani.

Anayekupigia simu

Tapeli wa simu naye ana kazi tofauti kwa kila upande. Kwa mwenye kiswaswadu anakuongoza kwa sauti: "Mzee wangu, piga nyota, chagua moja, chagua nne, sasa weka namba hii ya kuhakiki…" na namba ya kuhakiki ni kiasi cha hela. Au anakusukumia ombi la malipo, kidirisha kinatokea chenyewe kikidai namba ya siri. Kidirisha hicho kinafanana na cha kweli kwa sababu ni cha kweli, ni malipo halali ya kitu ambacho hukununua. Kidirisha usichokiomba, kifute. Ujanja mwingine ni kukuambia upige `**21*` ikifuatiwa na namba yake na reli. Hiyo huelekeza simu zako zote kwake, pamoja na ya benki ikikupigia kuuliza kama muamala ni wako. Ukihisi uliwahi kuupiga, `##21#` huifuta.

Kwa mwenye simu janja, tapeli anataka upakie programu ya kuangalia kioo chako kwa mbali, AnyDesk kwa mfano, "ili nikusaidie kurekebisha". Hapo haombi namba ya siri hata kidogo, anakutazama ukiiandika. Namba za matapeli Tanzania zinatumwa 15040, Safaricom ni 333.

Ukiniuliza nichague

Mzee aliye kijijini, anayesomewa meseji na wajukuu, kwa nyota tatizo lake ni kwamba kila msaidizi anaijua namba ya siri. Kumpa simu janja hakumtatulii. Vidole vya aliyeshika jembe miaka arobaini mara nyingi havisomeki kwenye simu, na bado atahitaji msaidizi. Kwake ningeacha kiswaswadu, loki ya laini, na akaunti mbili: ndogo iliyounganishwa na simu kwa matumizi ya wiki, na kubwa isiyounganishwa na simu kabisa, ya kutolea tawini. Wanaomsaidia wataona hela ya wiki tu.

Mfanyabiashara anayelipa watu kila siku, mwenye simu inayopata masasisho na asiyepakia mafaili ya WhatsApp, programu ni bora kwake. Lakini aende tawini aombe huduma ya nyota ifungwe kwenye akaunti yake. Baadhi watamshangaa. Asisitize, kisha akitoka nje apige msimbo aone kama kweli menyu inamkataa. Akiwa hapo aombe na kikomo cha siku kishushwe kiendane na biashara yake. Anayelipa laki tano kwa siku hana sababu ya kuacha mlango wa milioni kumi wazi.

Mwenye simu janja ya zamani, au inayochezewa na watoto nyumba nzima, asiweke programu ya benki humo. Atumie nyota, ila kwa kiswaswadu cha elfu ishirini na kitu, chenye laini ya benki peke yake.

Upo pia mchanganyiko ninaoupenda mwenyewe, kwa anayeweza kubeba simu mbili. Laini iliyosajiliwa benki inakaa kwenye kiswaswadu, imefungwa kwa PIN, na kwa kawaida haitoki nyumbani au dukani. Programu inakaa kwenye simu janja inayotumia bando la laini nyingine. Siku ya kujisajili laini ya benki huwekwa kwa muda kwenye simu janja, kwa sababu programu nyingi hutaka kuikuta humo, kisha inarudishwa kwenye kiswaswadu. Kuanzia hapo programu mbaya ikiingia kwenye simu janja haioni meseji za uthibitisho, na anayekwapua simu janja njiani hapati laini. Kasoro zake ni mbili. Programu za baadhi ya benki hukagua laini kila unapoingia na zitakukatalia, hilo utaligundua siku ya kwanza. Na laini isiyotumika muda mrefu kampuni ya simu inaweza kuifunga na namba ikauzwa kwa mtu mwingine, kwa hiyo iwekee vocha na upige simu mara moja moja.